UZI: Mikono inaruka asubuhi, kabamazepini imezidisha, na bibi harusi anataka mtoto mapema

dada_wa_majengo
Wakuu habari za jioni. Naomba wenye ujuzi. Ya mizizi na kuombewa tumeshayapitia, tafadhali msiturudishe huko.

Mdogo wangu ana miaka 23, tunaishi Moshi. Ana kifafa tangu akiwa kidato cha pili. Anatumia kabamazepini, mg 400 asubuhi na mg 400 usiku, huu mwaka wa tatu. Kuanguka kumepungua kweli, lakini mikono inarukaruka asubuhi kuliko zamani. Chai inamwagika, kikombe kinaruka kama kimepokonywa. Mama alidhani ni uzembe mpaka akaona kwa macho yake.

Anaolewa Desemba na wanataka mtoto mapema. Kwenye kituo anachochukulia dawa mmoja amesema ahamie valproeti, mwingine amesema valproeti na mimba havikai nyumba moja. Tumshike nani?

mkulima_usa_river
Pole dada. Kifafa cha mimba kinaua, usicheze nacho. Apimwe presha kila kliniki, mkojo uangaliwe protini, na akivimba miguu na uso au akiumwa kichwa sana akimbizwe hospitali. Shemeji yangu walimchoma magnesiamu salfeti, akapona.

tabibu_njiro
Mkulima, uliyoyasema ni sahihi, ila dada hajauliza hilo. Kiswahili chetu kimetuponza hapa kwa kuyapa magonjwa mawili jina moja. Kifafa cha mimba ni ugonjwa wa presha ya ujauzito. Huja baada ya wiki ya 20, wakati mwingine hata baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye huenda hajawahi kuanguka maishani. Kifafa cha mdogo wake ni cha ubongo, alikuwa nacho kabla ya mimba na atabaki nacho baada yake. Dawa za huku hazitibu kule.

Yanakutana mahali pamoja tu. Mwenye kifafa cha kawaida akianguka mimba ikiwa imevuka wiki 20, mtu wa kwanza kumfikia asiseme "huyu tunamjua, ni kawaida yake". Apime presha na mkojo kwanza. Presha ikiwa 140/90 au zaidi, anatibiwa kama kifafa cha mimba mpaka ithibitike vinginevyo.

Dada, kabla ya kutaja dawa yoyote nijibu haya. Mikono inaruka yote miwili au mmoja? Ikiruka, akili inakuwepo au inapotea? Saa ngapi? Kuna nyakati anazubaa katikati ya maneno? Na kuanguka kwa mara ya kwanza kulitanguliwa na nini?

dada_wa_majengo
Asante daktari. Yote miwili, ila wa kulia zaidi. Akili ipo, huwa anacheka au anakasirika palepale. Ni kuanzia anapoamka mpaka kama saa mbili asubuhi, baadaye mchana hakuna. Kuzubaa kupo, sekunde chache, macho yanaganda halafu anaendelea na alichokuwa anasema. Zamani hakukuwa na kuzubaa, kumekuja ndani ya miaka hii mitatu.

Kuanguka mara ya kwanza alikuwa na miaka 16, asubuhi baada ya mkesha wa mwaka mpya kanisani. Hakulala kabisa. Mikono iliruka mara tatu nne mfululizo, akapiga kelele, akakakamaa, akatikisika mwili mzima, akauma ulimi.

tabibu_njiro
Umeeleza vizuri kuliko faili nyingi ninazozisoma.

Swali la kwanza la kifafa ni umeme unaanzia wapi, hata kabla ya kuuliza dawa ipi. Kuna kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Huyo mtu utasikia anasema tumbo linapanda, au anasikia harufu ambayo wengine hawaisikii, au mkono mmoja unaanza kutikisika, au anatafunatafuna mdomo na kushikashika nguo huku hakusikii. Baadaye umeme unaweza kusambaa akaanguka. Na kuna kifafa ambacho pande zote mbili za ubongo zinawaka kwa pamoja tangu mwanzo. Hicho hakina dalili ya kutangulia ya upande mmoja.

Mtu akifika amelala chini anatikisika, wote wawili wanafanana. Tofauti iko kwenye dakika moja kabla, na dakika hiyo hakuna anayeiuliza. Mgonjwa anaandikiwa "kifafa" na dawa iliyopo kabatini.

Mdogo wako: alianza ujanani, mishtuko ya mikono asubuhi akili ikiwepo, kuanguka baada ya kukosa usingizi, kuzubaa kwa sekunde. Hii ni picha ya kifafa cha ujana chenye mishtuko, kile cha pande zote. Mkono wa kulia kuruka zaidi hakunitishi, ndio anaoshikia kikombe kwa hiyo ndio mnaouona.

Sasa kabamazepini. Ni dawa nzuri sana kwa kifafa cha sehemu moja ya ubongo. Kwenye kifafa cha aina hii inaweza kuzuia kuanguka kwa kiasi fulani, lakini huchochea mishtuko na kuzubaa. Ndiyo maana mnaona kama anapona nusu na kuugua nusu. Fenitoini ina tabia hiyohiyo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mgonjwa anarudi analalamika mikono, dozi inapandishwa, mikono inazidi, dozi inapandishwa tena. Alianzia mg ngapi?

dada_wa_majengo
Mg 200 mara mbili. Ikapandishwa ikawa 400 mara mbili kwa sababu ya mikono hiyohiyo! Daktari umenitoa jasho.

babu_sanyajuu
Wajukuu, mimi nimestaafu utabibu, nimetibu kifafa tangu enzi za fenobabitoni peke yake. Kwa maelezo hayo dawa ni valproeti tu, hakuna nyingine inayoifikia. Msimtishe binti wa watu. Mimba ikija mnampunguzia dozi na kumpa asidi ya foliki mg 5, mtoto anazaliwa salama. Nimewaona wengi.

mfamasia_kaloleni
Shikamoo babu. Nusu ya kwanza nakuunga mkono kwa mikono miwili. Jaribio kubwa la Uingereza lililotoka 2021, SANAD II, liliilinganisha valproeti na levetirasetamu kwa kifafa cha pande zote, na valproeti ikashinda. Angekuwa mvulana tungefunga uzi hapa.

Nusu ya pili ndiyo ninayoikataa, na nina sababu tatu.

Ya kwanza ni muda. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Ukihesabu kwa hedhi, hapo mama amechelewa wiki mbili tu, huenda hata kipimo hajanunua. Kwa hiyo "mimba ikija tutapunguza" maana yake tunapunguza mlango ukiwa umeshafungwa. Mgongo wazi umeshatokea au haujatokea.

Ya pili ni dozi. Kuna rejista ya kimataifa ya wajawazito wenye kifafa inaitwa EURAP. Takwimu zake za 2018 zinaonyesha kasoro kubwa za maumbile kwa watoto kama 10 kati ya 100 kwa valproeti. Kwa lamotrijini na levetirasetamu ni karibu 3 kati ya 100, ambayo haiko mbali na mimba za kawaida. Kabamazepini 5 na nusu, fenobabitoni na fenitoini 6 na nusu hivi. Ni kweli babu kwamba kupunguza valproeti kunasaidia: waliokuwa kwenye mg 650 kwa siku au chini walikuwa kama 6 kati ya 100, na waliozidi mg 1450 walifika 25 kati ya 100. Lakini hata hiyo dozi ndogo bado ni mara mbili ya lamotrijini na levetirasetamu.

Ya tatu haionekani siku ya kuzaliwa, na nadhani ndiyo inayowaponza wanaosema "nimewaona wengi salama". Watoto 30 hadi 40 kati ya 100 waliokaa tumboni na valproeti huwa na shida za ukuaji wa akili: kuchelewa kuongea, kuchelewa kutembea, kumbukumbu na uelewa kuwa chini, usonji pia huongezeka. Mtoto anazaliwa mzuri, analia, ananyonya, mnaandika "salama". Akifika darasa la pili hasomi, na hapo hakuna anayekumbuka vidonge vya mama yake. Asidi ya foliki haijaonyeshwa kuondoa madhara hayo ya valproeti.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 uko wazi kwamba valproeti isitumike kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hausemi wajawazito tu. Sababu ni hizo siku 28.

babu_sanyajuu
Marahaba. Hilo la darasa la pili sikulifikiria, nakiri. Lakini na nyinyi mkumbuke kuna mabinti ambao bila valproeti wanaanguka kila wiki. Mama akianguka motoni na mimba mtasema nini?

tabibu_njiro
Babu ana hoja na nitairudia chini. Kwanza tummalize bibi harusi, maana kwake njia ipo, hajawahi kujaribiwa dawa nyingine yoyote.

Kwa mwanamke wa umri wake mwenye kifafa hiki, mimi ningeanza na levetirasetamu. Inatuliza mishtuko ya mikono, inapanda haraka, na haigombani na dawa nyingine. Lamotrijini nayo ni salama kwa mimba, ila ina mambo mawili: kwa baadhi ya wenye mishtuko huzidisha mishtuko yenyewe, na inapandishwa polepole wiki kwa wiki kwa sababu ukiiharakisha inaweza kuleta upele mbaya wa ngozi unaobabua. Kabamazepini iliyomo mwilini pia inaila lamotrijini, kwa hiyo hesabu ya dozi inabadilika siku kabamazepini ikitoka.

Kinachofanywa kwa kawaida ni hivi, na daktari wake ndiye atakayekiandika, siyo sisi. Dawa mpya inaingia kwanza, ya zamani ikiwa bado ipo. Levetirasetamu mg 250 asubuhi na usiku kwa wiki moja au mbili, kisha mg 500 asubuhi na usiku. Hapo ndipo kabamazepini inaanza kushuka, mg 200 kila wiki mbili: kutoka 800 kwa siku kwenda 600, 400, 200, halafu basi. Ni karibu miezi miwili yote pamoja. Mishtuko ikibaki, levetirasetamu inapanda mpaka 1000 mara mbili, wengine 1500 mara mbili. Figo zipimwe kabla, maana huko ndiko inakotokea.

Makosa ninayoyaona ni mawili. Moja, mgonjwa anaambiwa "acha hii anza hii" siku moja, na wiki hiyohiyo anaanguka mfululizo bila kuzinduka katikati. La pili, anabaki na zote mbili kwa sababu hakuna aliyempangia tarehe ya kumaliza ile ya kwanza. Mwandikieni kwenye karatasi tarehe na idadi ya vidonge, ibandikwe ukutani.

Angalieni tabia. Levetirasetamu humfanya mtu awe na hasira za karibu, au huzuni nzito, wengine mawazo ya kujidhuru. Huwa inaanza ndani ya wiki za mwanzo. Bibi harusi mwenye hasira kila mtu atasema ni presha ya harusi. Wewe dada unamjua, usikubali jibu hilo haraka.

binti_marangu
Naomba niingize langu. Mimi niko kwenye fenobabitoni, kidonge kimoja usiku, na niliwekewa kijiti. Nesi aliniambia nimekaa miaka mitatu bila wasiwasi. Mwaka wa pili nikapata mimba. Niliambiwa nimekosea mimi. Nakosea vipi kitu kilicho ndani ya mkono?

mfamasia_kaloleni
Hukukosea kitu, dada. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huchochea ini kuvunja homoni za uzazi wa mpango haraka kuliko zinavyotoka kwenye kijiti. Kijiti kipo, kinatoa homoni yake kila siku kama kawaida, lakini ini linaimaliza. Vidonge vya majira vinapatwa na hayohayo.

Kwa anayetumia dawa hizo tatu, kinachobaki imara ni kitanzi, na sindano ya miezi mitatu. Ukienda kliniki ya uzazi wa mpango taja jina la dawa ya kifafa hata kama hujaulizwa, maana mara nyingi hawaulizi.

Hili linamhusu hata bibi harusi. Miezi hii miwili ya kubadilisha dawa siyo miezi ya kushika mimba. Na kabamazepini ikiisha leo, ini halirudi kawaida kesho, linachukua wiki kadhaa. Kama ana kijiti asikitegemee kwa sasa. Levetirasetamu haina ugomvi na kijiti wala vidonge.

Lamotrijini nayo ina kituko chake cha upande wa pili: vidonge vya majira vyenye estrojeni ndivyo vinavyoipunguza damuni, mpaka nusu hivi. Binti ameanza vidonge, mwezi huohuo anaanguka, kila mtu anatafuta mchawi.

Na kama kuna anayesoma akiwa kwenye dawa za VVU zenye dolutegravia, kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinaipunguza hiyo pia. Usianze wala usiache bila kliniki zote mbili kujua.

binti_marangu
Asante. Kwa hiyo sasa mimba ina wiki 10, fenobabitoni niache?

tabibu_njiro
Hapana, dada. Hapana kabisa. Fenobabitoni ikikatwa ghafla ubongo unalipiza, unaweza kuanguka bila kukoma, na hilo ni hatari kwako na kwa mtoto kuliko kidonge chenyewe. Kuna na kifo cha ghafla usingizini kwa watu ambao kifafa chao hakijadhibitiwa. Endelea kunywa usiku kama kawaida, nenda kliniki wiki hii, waambie kila kitu, anza asidi ya foliki kama hujaanza. Ultrasaundi ya kuangalia maumbile ifanywe kati ya wiki ya 18 na 20. Siku ya kujifungua wakumbushe sindano ya vitamini K kwa mtoto. Akizaliwa, mwangalieni kama analala kupita kiasi au ananyonya kwa uvivu, fenobabitoni inapita kwenye maziwa. Hiyo siyo sababu ya kumwachisha, ni sababu ya kumwangalia.

mkulima_usa_river
Sasa hapo nimepata la kuuliza kwa usahihi. Jirani yangu yuko kwenye valproeti mg 1000 kwa siku, hajaanguka miaka minne, na ana mimba ya wiki 9. Abadilishe?

mfamasia_kaloleni
Ningesema ndiyo, kwa haraka ya mpangilio. Mgongo umeshajifunga, sawa, lakini ubongo wa mtoto unaendelea kujengwa mpaka siku ya mwisho. Wiki 31 zilizobaki ni nyingi.

tabibu_njiro
Hapa mimi na mfamasia huwa tunavutana. Mtu aliyekaa miaka minne bila kuanguka, ukimbadilishia katikati ya mimba, unakuwa na dawa mbili kwa mtoto kwa wiki kadhaa, na huna uhakika kwamba ile mpya itamshika. Akianguka kifudifudi wiki ya 25 tumepoteza vyote. Kwa wengine nimeona busara ya kushusha valproeti hadi kiwango cha chini kinachomshika, kuigawa mara mbili au tatu kwa siku, na kuongeza levetirasetamu kando. Kwa mwingine aliyewahi kuwa na degedege tu utotoni na akaandikiwa valproeti bila sababu ya maana, ningeitoa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa jirani yako ni: ana kifafa cha aina gani, na amewahi kujaribiwa dawa nyingine ikashindwa? Asiache mwenyewe nyumbani. Apate rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu akiwa pamoja na wa wajawazito, siyo mmoja mmoja.

mfamasia_kaloleni
Nimesikia. Bado naona wiki 31 ni nyingi.

babu_sanyajuu
Na dozi ya foliki mnasemaje? Mimi hutoa mg 5.

mfamasia_kaloleni
Babu, hapo hata wakubwa hawajakubaliana. Waingereza wanasema mg 5 kwa siku tangu kabla ya mimba mpaka mwisho wa wiki ya 12. Wengine wanatosheka na kiasi kidogo, kuanzia mg 0.4. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa nchi za Nodiki ukiihusisha dozi kubwa kwa mama wenye kifafa na saratani kwa watoto wachache, na mjadala ukawaka tena. Wote wanakubaliana kwamba ianze kabla ya mimba. Bibi harusi anaweza kuanza sasa hivi, bila kungoja Desemba.

dada_wa_majengo
Nimeandika yote kwenye daftari. Swali: akishika mimba yuko kwenye levetirasetamu mg 500 mara mbili na ametulia, tunakaa hapohapo mpaka ajifungue?

tabibu_njiro
Hamkai. Mimba huongeza maji mwilini na figo huchapa kazi zaidi, hivyo levetirasetamu inashuka damuni ingawa vidonge ni vilevile. Lamotrijini ndiyo hushuka zaidi, wengine huhitaji mara mbili ya dozi ya mwanzo au hata zaidi. Sehemu nyingi huku hatupimi kiwango cha dawa kwenye damu, kwa hiyo kipimo chenu ni mikono yake. Siku mishtuko ya asubuhi ikirudi, hata kikombe kimoja, ni ishara dawa imepungua. Msingoje aanguke. Mhesabu kwenye kalenda: asubuhi ngapi zenye mishtuko kwa mwezi.

Akijifungua, dozi iliyopandishwa inateremshwa ndani ya wiki mbili tatu. Wasipokumbuka, hasa kwa lamotrijini, ataanza kuona vitu viwili viwili na kuyumba, watu waseme ni uzazi.

Na mtoto akija, adui wa kifafa hiki ni usingizi wa kukatika. Usiku mmoja walau mtu mwingine amlishe mtoto maziwa yaliyokamuliwa, mama alale saa sita mfululizo. Nepi zibadilishwe kwenye mkeka chini, siyo kitandani wala mezani. Asimwogeshe mtoto peke yake kwenye beseni, na hasa asubuhi, saa zake mbaya.

babu_sanyajuu
Niongeze moja kwa wanaosoma kutoka Mbulu na huku kwetu kunakofugwa nguruwe: mtu mzima anayeanza kifafa ukubwani, mkono mmoja ukitangulia, msimwandikie dawa na kumwacha. Apigwe picha ya kichwa. Mayai ya minyoo ya nguruwe huweka vifuko ubongoni. Hicho ndicho kifafa cha sehemu moja, na kabamazepini mliyoisema vibaya leo hapo ndipo kwake.

tabibu_njiro
Kweli kabisa babu, Haydom wameliandika sana hilo.

dada_wa_majengo
Levetirasetamu nimeulizia maduka mawili mjini, moja lipo moja limeisha. Bei si ya kabamazepini. Ikikosekana siku mbili tufanyeje?

mfamasia_kaloleni
Msifike hapo. Kwa mg 500 mara mbili, vidonge vya 500 ni 60 kwa mwezi. Siku mkibakiwa na 28, yaani wiki mbili, ndiyo siku ya kwenda kununua, siyo vikibaki vinne. Kabla hajaanza, hakikisheni mnaweza kuilipa kwa miezi sita au bima inaigharamia, kwa sababu dawa nzuri inayokatika kila mwezi ni mbaya kuliko ya kawaida isiyokatika. Akisahau dozi, anywe akikumbuka. Kama ya pili imekaribia, anywe hiyo moja, asizidishe mbili kwa pamoja.

dada_wa_majengo
Miadi tumepata Jumanne. Nitakwenda na daftari, na video ya mikono niliyomrekodi leo asubuhi.

tabibu_njiro
Video ndiyo kubwa, ianze kuonyeshwa kabla hamjakaa. Na hesabuni tarehe nyuma kutoka Desemba: kabamazepini iwe imeisha walau mwezi kabla ya sendofu. Usiku wa sendofu alale mapema hata kama wageni wako uwanjani, mbege asionje zaidi ya kuweka mdomoni, na vidonge vya asubuhi ya harusi akae navyo mtu mmoja mwenye jina. Kumwachia kila mtu ni kumwachia hakuna.

dada_wa_majengo
Nitakaa navyo mimi. Kwenye pochi, na saa moja asubuhi nimeshaweka kengele.